Kitanda au Fimbo: Mstari Mmoja wa Mwanzo na Irabu Zake

Fungua Mwanzo 47 katika Biblia ya Kiswahili ya Muungano, ile ya mwaka 1952, ushuke hadi mstari wa mwisho, wa 31. Yakobo, ambaye hapo anaitwa Israeli, ni mzee anayejua kwamba siku zake zimekaribia kwisha. Amemwapisha mwanawe Yusufu kwamba asimzike Misri, na Yusufu amekula kiapo. Ndipo mzee anajiinamisha kwenye mchago wa kitanda. Sasa nenda Waebrania 11:21, ambako mwandishi wa Agano Jipya anakumbusha mwisho wa maisha ya Yakobo. Mzee ni yuleyule na anainama vilevile, ila kitanda hakipo tena. Ameegemea kichwa cha fimbo yake.

Wafasiri wa Kiswahili hawakukosea, si hapa wala pale. Walifasiri kwa uaminifu vitabu viwili ambavyo vililisoma neno moja la Kiebrania kwa njia mbili, na tofauti hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 2,200. Ipo mistari mingi katika Biblia ya Kiebrania iliyosomwa kwa namna zaidi ya moja, lakini mara nyingi ugomvi huwa umechanganyika: huku herufi imefutika, kule mwandishi amerudia neno. Nimeuchagua mstari huu kwa sababu herufi zake hazina mgogoro wowote. Kinachobishaniwa ni irabu peke yake.

Neno lenyewe lina herufi tatu: Memu, Tethi na He. Mbele yake imetangulia He nyingine, ambayo ni alama ya kulifanya neno liwe mahususi. Ukilisoma mitta, ni kitanda. Ukilisoma matte, ni fimbo. Karatasini hayatofautiani hata kidogo, maana Kiebrania cha kale kiliandikwa kwa konsonanti, na irabu zilikaa kinywani mwa msomaji.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuionja hali hiyo kwa kuandika herufi mbili tu, t na b. Hapo zimo tabu, tiba, toba na tubu. Ukikutana na habari kwamba daktari amempa mgonjwa t-b, husiti. Ukiambiwa kwamba mzee alikwenda kuomba t-b, utauliza ni mzee gani na alikwenda kwa nani. Kiebrania kwa kawaida kinamsaidia msomaji wake kuliko Kiswahili kingeweza, kwa kuwa mzizi wa neno umo katika konsonanti na irabu hufuata mikondo inayojulikana. Mtu aliyeizoea lugha hiyo anasoma ukurasa mzima bila kujikwaa, kama anavyosoma gazeti lake leo mkazi wa Yerusalemu. Kujikwaa kunakuja pale ambapo maneno mawili yenye herufi zilezile yote mawili yanaweza kukaa katika sentensi ileile na bado ikaleta maana. Mzee anayejiinamisha anaweza kabisa kuwa na kitanda, na anaweza kabisa kuwa na fimbo.

Waandishi wa kale waliliona tatizo hilo mapema, wakaanza kutumia baadhi ya konsonanti kuashiria irabu ndefu. Vau ilisimama badala ya o au u, Yodi badala ya i au e, na He mwishoni mwa neno ikaonyesha kwamba neno linaishia kwa irabu. Ile He ya mwisho katika neno letu inafanya kazi hiyo. Bahati mbaya inasema tu kwamba ipo irabu mwishoni, haisemi kama ni a ya mitta au e ya matte. Msaada umefika mlangoni ukaishia hapo.

Alama ya kwanza iliyo wazi katika njia ya neno hili iko Aleksandria, huko Misri, katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Wayahudi wa mji huo walikuwa wakiongea Kigiriki, na vitabu vitano vya Torati vikafasiriwa kwa ajili yao. Tafsiri hiyo ikaja kuitwa Septuaginta. Mfasiri wa Mwanzo alipofika 47:31 aliandika rabdos, yaani fimbo. Lakini hakuwa mtu asiyejua kwamba herufi hizo zinaweza kuwa kitanda. Mistari miwili tu mbele, katika 48:2, mzee anajikaza na kuketi juu ya kitu kilichoandikwa kwa herufi zilezile, na hapo mfasiri huyohuyo ameandika kitanda. Katika 49:33, Yakobo anapoikunja miguu yake na kukata roho, ameandika kitanda tena. Kwa hiyo alipima na kuchagua, na nadhani sababu yake inaonekana. Habari kwamba Yakobo anaumwa inaletwa kwa Yusufu katika 48:1, yaani baada ya mstari wetu. Mtu anayesoma kwa kufuata mpangilio wa hadithi atajiuliza: kama ugonjwa bado haujatajwa, kitanda kimetoka wapi? Mzee mwenye fimbo anaingia katika tukio hilo bila kuhitaji maelezo.

Mfasiri aliongeza kitu kingine kidogo. Kiebrania kinasema tu fimbo, ile mahususi, bila kusema ya nani. Kigiriki chake kinasema fimbo yake. Mwandishi wa Waebrania, aliyekuwa akisoma Torati kwa Kigiriki, akayachukua maneno hayo kama yalivyo na kuyaunganisha na Yakobo kuwabariki wana wa Yusufu, ingawa katika Mwanzo baraka hiyo iko sura inayofuata. Tangu hapo fimbo ikawa na makazi ya kudumu katika Agano Jipya.

Lile neno dogo, yake, likazaa mashaka yake lenyewe. Kwa Kigiriki, autou ni ya mtu mwingine na hautou ni ya mwenyewe. Tofauti ni alama ndogo ya mpumuo juu ya herufi ya kwanza, na herufi zenyewe ni zilezile. Mnamo mwaka 419 Agostino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, alikuwa akiandika maswali yake juu ya vitabu vya kwanza vya Biblia, akakuta nakala za Kilatini zinapingana. Nyingine zilisema Yakobo aliinama juu ya kichwa cha fimbo yake mwenyewe, nyingine zikamaanisha fimbo ya Yusufu. Akaeleza kwamba chanzo ni neno la Kigiriki ambalo huandikwa kwa herufi zilezile kwa maana zote mbili, na linatofautishwa kwa alama ambayo wajuzi hawaipuuzi. Kisha akajaribu kuipa kila maana nafasi yake. Kama fimbo ni ya mzee, aliiegemea kama wazee wanavyofanya. Kama ni ya Yusufu, labda mzee aliipokea wakati wa kiapo, na kabla hajairudisha akamwabudu Mungu hali ameishika. Mstari ambao Kiebrania kiliuacha na njia mbili, Kigiriki kikauongezea ya tatu, tena kwa udhaifu uleule wa alama isiyoandikwa. Na Agostino alijua pia kwamba Kiebrania kilisemekana kuwa na kitanda.

Habari hiyo ya kitanda ilikuwa imeshafika Magharibi kwa kazi ya Yeronimo. Yeye aliishi Bethlehemu, akajifunza Kiebrania kwa walimu wa Kiyahudi, na mwanzoni mwa miaka ya 390 aliandika kitabu cha maswali ya Kiebrania juu ya Mwanzo. Alipofika 47:31 alisema wazi kwamba wanaodai Yakobo aliiinamia fimbo ya Yusufu kwa kuheshimu mamlaka ya mwanawe wanajisumbua bure. Kwa Kiebrania, alisema, Israeli alimwabudu Mungu kwa kuelekea mchago wa kitanda, akiwa ametulia moyo baada ya kuapiwa.

Yeronimo ndiye shahidi wangu mkuu juu ya hali ya maandishi ya Kiebrania katika zama zake, na ushahidi wake ulio wazi zaidi hauko hapa bali katika maelezo yake ya Habakuki 3:5. Huko kuna herufi tatu, Dalethi, Bethi na Reshi. Anaeleza kwamba zimeandikwa bila irabu: ukizisoma dabar ni neno, ukizisoma deber ni tauni. Wafasiri wa Aleksandria walikuwa wameweka neno litangulie mbele za Mungu. Biblia zetu zinaweka tauni. Hapo tunamwona mtu wa mwisho wa karne ya 4 akiinamia ukurasa usio na alama yoyote chini ya herufi, akijua kwa masikio yake lipi wenyewe walisoma.

Katika tafsiri yake ya Kilatini, iliyokuja kuwa Vulgata, Mwanzo ikapata kitanda. Lakini Waebrania ya Vulgata ikabaki na fimbo, tena bila kihusishi cha kusema alikuwa juu yake, hivi kwamba Kilatini kilisomeka kana kwamba Yakobo alikiabudu kichwa cha fimbo chenyewe. Wapo waliotumia mstari huo kutetea heshima inayotolewa kwa vitu vitakatifu, na Wakatoliki wa Kiingereza waliochapa Agano Jipya huko Rheims mwaka 1582 waliuwekea maelezo kwa nia hiyohiyo, wakijua kwamba Waprotestanti watawapinga. Hoja nzito ya ibada ikawa imetundikwa juu ya irabu mbili.

Njia sasa inarudi mashariki, mpaka Tiberia, mji ulio ufukweni mwa Ziwa la Galilaya. Kati ya karne ya 7 na ya 10 walifanya kazi huko wataalamu wanaoitwa Wamasoreti, wahifadhi wa mapokeo ya usomaji. Kiebrania kilikuwa kimekoma zamani kuwa lugha ya nyumbani, na usomaji sahihi ulitegemea kumbukumbu ya waliofundishwa. Hawakuthubutu kugusa herufi. Walizizunguka: nukta na vistari chini, juu na ndani yake. Wengine huko Babeli, na wengine katika nchi ya Palestina yenyewe, walikuwa na mitindo yao ya alama zilizowekwa juu ya herufi, lakini mtindo wa Tiberia ndio ulioshinda.

Tazama walivyoliandika neno letu. Chini ya Memu wameweka nukta moja, ambayo ni i. Ndani ya Tethi kuna nukta ya kuonyesha kwamba inatamkwa kwa mkazo maradufu. Hiyo ingekuwepo vyovyote vile. Chini ya Tethi kuna alama ndogo inayofanana na herufi T, ambayo hapo ni a. Inasomeka mitta, kitanda. Kama wangetaka fimbo, badala ya ile nukta wangelaza kistari kifupi chini ya Memu, na badala ya ile T wangeweka nukta tatu za pembetatu chini ya Tethi. Basi. Umbali kati ya Mwanzo na Waebrania ni alama mbili ambazo ncha ya kalamu inazimaliza kwa kufumba na kufumbua.

Je, Wamasoreti walitunga usomaji huo? Hili ndilo swali ambalo watu wengi hulijibu haraka mno, wakisema kwamba irabu ni za zama za kati na kwa hiyo hazina uzito. Mstari wetu unaonyesha kwa nini jibu hilo halitoshi. Yeronimo alipata kitanda kutoka kwa Wayahudi wa Palestina zaidi ya miaka 500 kabla ya Aroni ben Asheri, bingwa wa mwisho wa Tiberia. Tafsiri ya Kiaramu iitwayo Onkelo, iliyosomwa katika masinagogi, nayo ina kitanda. Na huko Kaisaria, katika karne ya 3, Origene alikuwa amepanga Biblia katika safu sita, ya pili ikiwa Kiebrania kilichoandikwa kwa herufi za Kigiriki, irabu zikiwemo. Mabaki ya safu hiyo ni machache, mengi yakiwa ya Zaburi, na matamshi yake hayalingani na ya Tiberia kila mahali. Hata hivyo yanathibitisha kwamba palikuwepo usomaji uliokaririwa, wenye irabu zake, muda mrefu kabla ya mtu kuchora nukta. Alama ni changa. Sauti zinazoandikwa nazo zinaweza kuwa za kale sana. Kila neno linapaswa kupimwa peke yake.

Kitabu ambacho Aroni ben Asheri mwenyewe alikitia irabu, mnamo mwaka 930, kilihifadhiwa karne nyingi katika sinagogi la Aleppo, Siria. Mwaka 1947 sinagogi hilo lilichomwa moto katika ghasia, na kitabu kilipoonekana tena, karibu Torati yote ilikuwa haipo. Kinaanzia sasa Kumbukumbu la Torati 28. Ukurasa wa Yakobo umepotea pamoja na nyingine. Kwa hiyo wachapishaji wengi hutegemea nakala ya Leningradi, iliyoandikwa Kairo mwaka 1008 au 1009 kwa kufuata kazi ya Ben Asheri, ambayo leo iko Sankt Peterburg. Hiyo ni kamili, na neno lina nukta moja na ile T ndogo.

Gombo la Torati linalofunguliwa sinagogini halijawahi kupokea alama hizo. Mpaka leo linaandikwa kwa konsonanti tupu, na msomaji hulazimika kujifunza irabu kutoka kitabu kingine kabla ya Sabato. Akiteleza, wasikilizaji wenye vitabu vya irabu mikononi humsahihisha papo hapo, arudie. Ukurasa unaoruhusu njia mbili na sauti inayoruhusu moja vimekaa chumba kimoja kwa zaidi ya miaka 1,000.

Ulaya ilichelewa kulielewa jambo hili, na ilipolielewa ilitikisika. Mwaka 1538 Eliya Levita, msomi Myahudi aliyekuwa akifanya kazi Venisi, alichapa kitabu cha kuonyesha kwamba alama za irabu zilibuniwa baada ya Talmudi kukamilika. Mwaka 1624 Mprotestanti Mfaransa Louis Cappel akalijengea hilo hoja kamili, na Johann Buxtorf mdogo wa Basel akamjibu mwaka 1648 akitetea kwamba irabu ni za kale kama herufi. Hofu yao ilikuwa ya kweli: aliyejenga imani yake juu ya Maandiko peke yake alitaka kujua ni nani aliyeamua kama Yakobo alikuwa na fimbo au kitanda. Makanisa ya Uswisi yalifika mahali pa kuandika katika ungamo lao la mwaka 1675 kwamba irabu pia, au angalau maana inayobebwa nazo, zilivuviwa na Mungu. Ushahidi wa Levita ulizidi kuungwa mkono, na magombo ya Bahari ya Chumvi yaliyogunduliwa kuanzia mwaka 1947 hayana nukta hata moja ya irabu.

Basi mzee aliinama wapi? Siku hizi kuna wasomi waliopendekeza njia nyingine tena. Matte ni fimbo, lakini pia ni kabila, kwa kuwa kiongozi alijulikana kwa fimbo yake, na neno la kichwa linaweza kumaanisha mkuu. Hapo Israeli angekuwa anamwinamia mkuu wa kabila, yaani Yusufu, na ile ndoto ya jua na mwezi kumsujudia kijana ingetimia. Ni wazo linalovutia, na Hesabu inawataja wakuu wa makabila kwa maneno ya namna hiyo. Linakwama kwenye kihusishi. Mtu anayeinamiwa, kwa Kiebrania, huelekezwa kwa kihusishi cha kwa au mbele ya. Mstari wetu una al, ambacho ni juu ya, na hicho kinataka mahali au kitu.

Al hiyohiyo ndiyo inayonivuta upande wa kitanda. Katika 1 Wafalme 1:47 kuna mzee mwingine, mfalme Daudi, ambaye amehakikishiwa kwamba Sulemani ametawazwa. Anainama kumshukuru Mungu, na kitenzi ni kilekile na kihusishi ni kilekile, ila neno la kitanda ni tofauti, mishkav, ambalo haliwezi kusomwa fimbo kwa irabu zozote. Mazingira yanafanana mno: mzee karibu na kifo, mwana, neno lililotimizwa, kuinama kitandani. Na fimbo ya Yakobo ikitajwa kwingine, pale anaposema alivuka Yordani akiwa nayo tu, katika Mwanzo 32, inaitwa makeli, si matte.

Inabaki ile hoja ya Aleksandria, kwamba ugonjwa haujatajwa bado. Nimeipima kwa muda mrefu kwa sababu ni hoja ya msomaji makini. Lakini mitta haikuwa ya wagonjwa tu. Katika 1 Samweli 28:23, usiku wa Endori, Sauli hana homa wala jeraha. Ameshinda na njaa kutwa na usiku kucha na ameanguka chini kwa hofu. Watumishi wake na mwanamke mwenye nyumba wanambembeleza ale, anainuka kutoka ardhini, anaketi juu ya mitta, na mwanamke huyo anakwenda kuchinja ndama. Kitanda kilikuwa mahali pa kukaa wakati wa maongezi na chakula. Yakobo angeweza kuketi hapo akiwa mzima wa kutosha kumwapisha mwanawe, na kiapo kilipokwisha kutolewa akageukia mchagoni.